Hii Sahani Ina Kalori Ngapi?

*Shikamoo dada. Nina miaka 34, nauza duka la vitenge Kariakoo, na mchana nakula kwa mama ntilie. Mwalimu wa mazoezi mtaani kwetu ameniambia nisizidi kalori 1,500 kwa siku. Nakutumia picha ya chakula changu cha jana: wali wa nazi, maharage, kibua wa kukaanga na mchicha. Niliirusha kwenye kundi letu la mazoezi, mmoja akasema 450, mwingine 700, na mwalimu mwenyewe akasema hapo hamna chini ya 1,100. Wewe umesomea lishe, naomba unitajie namba ya kweli niiandike kwenye daftari. Miezi mitatu sasa uzito umeganda kilo 82, na asubuhi nakunywa chai ya rangi tu, usiku nakula matunda. Sielewi kalori zinatoka wapi.*

*Mwenye Sahani, Tabata*

Marahaba mdogo wangu. Picha nimeiona, na mkono wa huyo mama naupenda hata kabla sijaonja. Kwa makadirio yangu sahani hiyo ina kalori kati ya 850 na 1,250. Ukinibana nikupe namba moja nitasema 1,000, lakini uiandike na "takribani" mbele yake, na usiijengee hesabu ya siku nzima kana kwamba imetoka kwenye mzani. Aliyesema 450 amehesabu wali mweupe usio na tui, tena wa kumlisha mtoto. Mwalimu wako amekaribia, ingawa nashuku naye alibahatisha tu, ikaangukia karibu.

Najua ulitaka namba moja. Ngoja nikuonyeshe kwa nini haimo kwenye picha, halafu nikuelekeze namna ya kuipata kwa karibu zaidi, maana inawezekana.

Tuanze na wali, kwa sababu ndio uliochukua nusu ya sahani. Umepiga picha kwa juu, na sahani imejaza kioo chote cha simu. Hakuna kijiko wala mkono wala kitu chochote ninachokijua ukubwa wake. Sahani za bapa tunazouziwa zina upana tofauti: nyingine sentimita 22, nyingine 27. Ukizipiga picha hivyo zikajaza kioo, zinafanana kabisa, na wali juu yake unaonekana umekaa vilevile. Lakini wali una urefu, upana na kimo. Sahani ikikua kutoka 22 hadi 27 na kila kitu kikakua nayo kwa kiasi hichohicho, ujazo wa wali unaongezeka karibu mara mbili (mara 1.85 ukipiga hesabu). Kwa hiyo picha hiyohiyo moja inaweza kuwa ya gramu 250 za wali au ya gramu 450, nami niliyekaa huku sina namna ya kujua ni ipi.

Kupiga kwa juu kuna hasara nyingine: kimo kinapotea. Mlima wa wali wenye kimo cha sentimita 3 na wenye sentimita 5 hutofautiana kidogo sana ukiutazama kutoka juu, na kwa gramu hutofautiana mno. Sahani ya shimo nayo hudanganya kwa upande wake, kwa kuwa wali uliozama haupandi juu ya ukingo na macho huuhesabu kuwa mchache. Kisha kuna namna ya kupakua. Mama ntilie wengi hupima kwa bakuli: wanajaza, wanashindilia kidogo kwa mwiko, wanaligeuza juu ya sahani. Wali ulioshindiliwa hivyo ni mzito kuliko ule uliochotwa kwa upawa ukamwagwa ukiwa umechambuka, hata kama kwa macho vinalingana.

Tuseme basi wali wako ni kati ya gramu 250 na 450. Hata hapo bado hatujapata kalori. Wali mweupe uliochemshwa kwa maji matupu una kalori 130 hivi kwa gramu 100. Mchele wenyewe kabla ya kupikwa una 360 hivi. Tofauti ni maji tu: kilo moja ya mchele ikiiva huwa kilo mbili na nusu hadi tatu, kutegemea mchele na mpishi. Aliyepika ukachambuka na aliyepika ukawa bokoboko wametumia mchele uleule, lakini gramu 100 za kwake na gramu 100 za mwenzake hazina kalori sawa. Ugali nao ni hivyo hivyo. Wa kukaza na wa laini vina maji tofauti, na macho hayaoni maji.

Wali wako, halafu, si wa maji matupu. Ni wa nazi, na picha inazidi kushindwa hapo. Kila gramu ya wanga au ya protini huupa mwili kalori 4 hivi, na kila gramu ya mafuta 9. Viwango hivyo vinatokana na kazi ya mkemia Mmarekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo ndivyo vinavyopigiwa hesabu nyingi za kwenye pakiti. Maana yake jikoni ni hii: kosa dogo kwenye mafuta ni kosa kubwa kwenye kalori. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Ukimwaga kijiko hicho kwenye wali wa moto na kuugeuza mara mbili, kimepotea. Hakiongezi kimo, hakibadilishi rangi, wali unang'aa kidogo tu. Hakuna picha itakayokionyesha, na hata mtu aliyekaa mbele ya sahani akiitazama hatakiona.

Tui ni gumu zaidi kulipima, kwa sababu nazi hazifanani wala wakamuaji hawafanani. Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake. Chukua nazi yenye gramu 300 za nyama: humo mna gramu 100 hivi za mafuta. Ukiikuna na kuikamua kwa mkono, hayatoki yote, mengine yanabaki kwenye machicha. Ukikamua vizuri kwa maji ya uvuguvugu utapata kama nusu au kupita kidogo, tuseme gramu 55, ambazo ni kalori 500 hivi. Mwingine anakamua mara moja, tui zito tu, machicha anawatupia kuku. Mwingine anarudia mara tatu hadi machicha yawe makavu. Wote wawili ukiwauliza watakujibu "nimetia nazi moja".

Sasa tupike chungu cha huyo mama. Kilo moja ya mchele ni kalori 3,600. Akitia nazi moja, jumla inakuwa 4,100. Wali ukiiva ukawa kilo 2.7, kila gramu 100 ina kalori 150 hivi. Akitia nazi mbili na kuongeza robo kikombe au zaidi kidogo ya mafuta ili wali usishikane na ung'ae (wengi hufanya hivyo, hasa wanaopika mapema ukae hadi saa nane), kila gramu 100 inafika 190 hivi. Wote ni wali wa nazi, rangi ileile, na wateja ni walewale. Unganisha na kiasi: gramu 250 za ule mwepesi ni kalori 375, na gramu 450 za ule mzito ni 855. Kwa wali peke yake, kabla hatujagusa kibua, makadirio yangu yanayumba kwa kalori 480. Hizo zinazidi jibu zima la mwenzio wa 450.

Vingine nitavipita haraka. Maharage, upawa mmoja na mchuzi wake, ni kalori 100 yakiwa mepesi, na yanaweza kufika 270 yakiwa mengi, mazito na yameungwa kwa tui. Mchicha wenyewe karibu hauna kitu, gramu 100 zina kalori 25 hivi. Kalori zake zote ni mafuta au tui lililoungiwa, kwa hiyo rundo lako dogo la kijani linaweza kuwa 40 au 140. Kibua mmoja wa ukubwa huo ni kati ya 150 na 280.

Huyo kibua anahitaji maelezo kidogo, kwani watu wengi huamini samaki akikauka na kukakamaa basi hana mafuta. Samaki au chipsi zikiwa ndani ya karai, maji yaliyomo yanachemka na kutoka kama mvuke, na mvuke huo unayasukuma mafuta yasiingie. Sehemu kubwa ya mafuta huingia zikishatolewa: zinapoanza kupoa, mvuke unaacha kusukuma, na mafuta yaliyoganda juu ya ngozi yanavutwa ndani. Ndiyo maana kibua aliyeinuliwa akachujiwa juu ya karai akiwa bado wa moto ana mafuta machache kuliko yule aliyetupwa kwenye sinia akalala na wenzake kwenye dimbwi. Aliyepakwa unga hubeba zaidi. Mafuta yasiyopata moto vizuri nayo hufanya samaki anyonye zaidi, kwa sababu anakaa karaini muda mrefu. Kwenye picha yako namwona kibua mwekundu, mkavu, mzuri. Alivyochujwa sikuona.

Jumlisha vya chini vyote: 665. Jumlisha vya juu vyote: 1,545. Pengine utauliza kwa nini basi nilikwambia 850 hadi 1,250. Ni kwa sababu si rahisi kila kitu kiwe cha chini kabisa kwa wakati mmoja, au cha juu kabisa. Wali ukiwa mwingi, maharage huenda yakawa machache, na makosa yanafidiana kidogo. Ila usilitegemee sana hilo. Sufuria zote nne ni za mpishi mmoja. Mwenye mkono mzito wa mafuta kwenye wali ana mkono huohuo kwenye mchicha na kwenye maharage, kwa hiyo makosa ya mafuta huelekea upande mmoja. Ndiyo maana kwa chakula cha kununua napenda kusogea juu kidogo kuliko macho yanavyoniambia. Anayepikia biashara anataka mteja arudi, na mafuta na tui ndivyo vinavyomrudisha.

Utaambiwa kuna vitabu vya vipimo vya vyakula, na ni kweli vipo. Tanzania ina majedwali yake ya virutubisho yaliyotolewa mwaka 2008, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na mimi huyatumia. Lakini jedwali linakupa kalori za gramu 100 za chakula cha aina fulani. Gramu zako halizijui, na mapishi ya mama yako wa Kariakoo halikuyaona. Ukilipa gramu za kubuni, litakurudishia jibu la kubuni lenye tarakimu nzuri.

Kuna pia ambavyo havikuingia kabisa kwenye picha. Uliandika vyakula vinne, hukutaja kinywaji. Kama pembeni kulikuwa na soda ya chupa ya mililita 350, hiyo ni kalori 150 hivi. Juisi ya ukwaju au ya embe inaweza kufikia hapo au kupita, inategemea mkono wa sukari wa mwenye jagi. Kama katikati ya kula ulimwambia "mama, niongeze mchuzi", picha ilikuwa imeshapigwa. Na kwa upande wa pili, kama uliacha wali kidogo, au kichwa cha samaki ulimpa paka, nimekuhesabia usichokula.

Nije kwenye uzito uliokataa kushuka, maana hapo ndipo namba zote hizi zinapokugusa. Mtu anayetaka kupungua taratibu mara nyingi hupangiwa kula pungufu ya kalori 500 hivi kwa siku kuliko anazotumia. Tazama sasa: kwa mlo wako mmoja wa mchana, tofauti kati ya makadirio yangu ya chini na ya juu ni 400. Karibu pungufu lote unalolitafuta linaweza kumezwa na kosa la kukadiria sahani moja, bila mtu yeyote kudanganya. Ukiandika 700 kila siku na ukweli ni 1,100, daftari litaonyesha umefunga vizuri, na mzani utasimama palepale. Hufanyi uzembe, daftari ndilo limepewa namba zisizobeba uzito huo.

Na hizo nyingine mbili, chai na matunda, zikague kwa jicho hilohilo. Chai ya rangi ni kitu kidogo kama haina sukari. Vijiko vitatu vya chai vilivyojaa mlima ni kalori 70 au 80 kwa kikombe, na sijui unakunywa vikombe vingapi. Kwenye matunda, papai na tikiti maji hayana shida kubwa, lakini kwetu parachichi nalo linahesabiwa tunda, nalo lina kalori 160 hivi kwa gramu 100. Nusu ya parachichi kubwa la Mbeya inaweza kufika 300. Sikukatazi kulila. Nataka tu lisiandikwe "matunda" kwenye mstari mmoja na papai.

Sasa tupunguze kubahatisha. Wewe una nafasi nzuri kuliko wengi kwa kuwa unakula kwa mama mmoja. Nunua mzani mdogo wa jikoni wa kidijitali, ule wa kilo 5 unaosoma gramu moja moja. Siku moja mwambie mama akufungie chakula kilekile unachokula kila siku, bila kumwambia sababu, maana akijua unapima atakupimia vizuri. Ukifika nyumbani weka sahani tupu kwenye mzani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha weka wali peke yake na usome. Rudisha sifuri, weka maharage. Endelea hivyo. Samaki mpime kabla ya kula, halafu pima mifupa na kichwa uvitoe. Fanya hivyo siku tatu nne zisizofuatana, kwa kuwa mkono wa kupakua Jumatatu asubuhi biashara ikiwa ngumu si mkono wa Ijumaa. Utashangaa unavyopanda na kushuka. Chukua kiwango cha kati. Hapo utakuwa umemaliza fumbo la kiasi, na umebakiwa na la mafuta.

La mafuta unaliuliza kwa mdomo, siku isiyo na foleni, na usitaje kalori. Msifie wali wake, kisha muulize kilo ya mchele anatia nazi ngapi, na kama anaongeza mafuta. Mpishi anayejivunia chakula chake huyasema haya kwa furaha. Ukishajua ni nazi moja au mbili, unajua kama uchukue 150 au 190 kwa kila gramu 100, na lile pengo la 480 kwenye wali linapungua hadi kuwa kitu unachoweza kuishi nacho.

Maharage yana kipimo chao cha kienyeji. Chukua kikombe kidogo cha mchuzi wake uweke kwenye friji usiku kucha. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi utayaona yamefanya tabaka jeupe juu. Likiwa jembamba kama karatasi, maharage ni mepesi. Likiwa la kuvunjika kwa kijiko, chukua makadirio ya juu. Lakini yakiungwa kwa mafuta ya alizeti usitegemee tabaka hilo, hayo hubaki majimaji hata kwenye friji, yataelea tu kama macho ya rangi ya dhahabu. Kwa wali kipimo hiki hakifai, mafuta yameshaingia kwenye punje.

Siku unayopika mwenyewe hauna sababu ya kukadiria chochote. Pima vitu vikiwa vibichi, kabla maji hayajaingia. Tuseme umetia mchele gramu 500, hizo ni kalori 1,800. Nazi moja uliyoikamua vizuri, weka 500. Mafuta vijiko viwili vya mezani, 240. Jumla 2,540. Pima sufuria ikiwa tupu na uandike uzito wake kwa kalamu isiyofutika chini ya kitako chake, ili usirudie tena. Wali ukiiva, pima sufuria na wali, toa uzito wa sufuria. Ukipata gramu 1,400, gawa: kila gramu 100 ina kalori 181. Ukipakua gramu 200, umekula 360 hivi. Hapa kilichobaki cha kubahatisha ni ile nazi peke yake, na ukitaka kumaliza hata hilo tumia tui la pakiti lenye maandishi, ingawa mimi siwezi kukulazimisha kuacha mbuzi na kifumbu kwa ajili ya hesabu.

Picha usiziache, zibadilishe kazi. Kwa kalori ni dhaifu, kwa kulinganisha ni nzuri sana. Tumia sahani ileile, simama pembeni na simu ikiinama, si juu moja kwa moja, ili kimo kionekane. Weka kadi ya benki kando ya sahani, upande usio na namba tafadhali. Kadi hizo zote zina upana wa sentimita 8.56, kwa hiyo yeyote unayemtumia ataweza kupima sahani yako. Piga nyingine ukimaliza kula. Ukiziweka picha za wiki mbili pamoja utaona mwenyewe siku ambazo mlima wa wali umepanda, na hilo halihitaji namba.

Kisha badilisha kitu kimoja tu. Ningeanza na wali: mwambie mama akupunguzie theluthi ya bakuli na akuongezee mchicha, na samaki umwache alivyo, yeye ndiye anayekushibisha hadi jioni. Kwenye wali wa gramu 350 hilo ni punguzo la kalori 180 hadi 220, na halina utata: hata kama hatujui sahani nzima ilikuwa na ngapi, tunajua imepungua kwa kiasi hicho. Vingine vyote viache vilevile kwa wiki nne. Jipime asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, na uchukue wastani wa wiki. Usishtukie siku moja. Chumvi nyingi, siku za hedhi au kukosa choo vinaweza kupandisha kilo moja au mbili za maji zisizohusiana na ulichokula. Wastani wa wiki ya nne ukiwa chini ya wa kwanza, hata kwa kilo moja, endelea hivyo hivyo na hiyo 1,500 uisahau. Ukiwa palepale, punguza tena kitu kimoja.

Na hiyo 1,500 nayo muulize mwalimu aliipataje. Kama hakukuuliza umri, urefu wala unasimama dukani saa ngapi kwa siku, basi naye alikuangalia kama mimi nilivyoangalia picha. Kama una sukari, presha, ujauzito au unanyonyesha, au unatumia dawa za kila siku, usipunguze chakula kwa ushauri wangu wa gazetini wala wa kundi la mazoezi. Nenda kliniki ya lishe ya hospitali ya wilaya yako, na ubebe zile gramu ulizopima kwa mzani. Zitamsaidia mtaalamu kuliko picha mia.